Ukurasa wa Kwanza ni wa Mdhamini

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika idara ya matangazo ya kampuni moja yenye ofisi kwenye Mtaa wa Loita, katikati ya Nairobi. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kusoma barua za kuomba udhamini. Zilikuja kwa mkono, kwa posta na kwa barua pepe, kutoka shule, makanisa, vikundi vya densi, timu za raga na mashindano ya urembo. Meneja wangu alikuwa na kikao kila Jumatatu asubuhi, na kabla hajaingia alinitaka nimpe kila ombi kwa sentensi moja. Hakuwa mtu mkavu wa roho. Alikuwa na dakika chache, na aliyekuwa juu yake, mkurugenzi wa fedha, angemuuliza swali moja tu: hizi pesa zikitoka, kampuni inapata nini?

Basi nilizisoma barua nikiitafuta sentensi hiyo. Mara nyingi niliipata ukurasa wa tatu, chini kabisa ya bajeti, mahali mwandishi alipokumbuka kuongeza kwamba nembo yetu ingewekwa kwenye bango. Barua nyingine hazikuwa nayo kabisa. Hapo sikuwa na la kuandika ila "Wanaomba shilingi 400,000 za jezi na mipira." Ombi lililofupishwa hivyo halina wa kulitetea kikaoni. Meneja hawezi kumwambia mkurugenzi wa fedha kwamba vijana fulani hawana jezi. Atajibiwa kwamba vijana wasio na jezi wako kila mtaa, na mjadala utaishia hapo.

Niliondoka katika ofisi ile nikiwa nimeelewa jambo ambalo waombaji wengi hawalioni wakiwa upande wao wa meza. Msomaji wa kwanza wa barua yako si mwenye pesa. Ni mwajiriwa ambaye itambidi ayarudie maneno yako mbele ya mkubwa wake. Ukimpa maneno ya kurudia, umempa kazi anayoiweza.

Nyumbani ni Kangemi, kando ya Waiyaki Way ukitoka Westlands. Kila Agosti, shule zikifungwa, kuna mashindano ya mpira kwenye uwanja wa Kihumbuini, timu za watu wazima na za watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka mmoja Kocha, mwenyekiti wa kamati ya mashindano, alikuja kwangu na barua aliyotaka kuipeleka kwa kampuni moja ya gesi ya kupikia. Alikuwa ameiandika kwa moyo wote. Ilianza hivi:

"Salamu nyingi kutoka kwa vijana wa Kangemi. Sisi ni kikundi kilichosajiliwa chenye lengo la kuwaepusha vijana na dawa za kulevya, uhalifu na mimba za mapema. Kutokana na hali ngumu ya uchumi, tunakabiliwa na upungufu wa vifaa. Kwa hivyo tunaiomba kampuni yenu tukufu itufadhili kwa vitu vifuatavyo."

Likafuata jedwali: mipira, jezi za timu 16, malipo ya marefa, kikombe, medali, huduma ya kwanza, hema na vipaza sauti, maji ya kunywa. Jumla ilikuwa shilingi 420,000. Mwisho wa barua aliahidi kwamba mashindano yangehudhuriwa na mashabiki zaidi ya 10,000 na kwamba kampuni ingepata umaarufu mkubwa.

Hakuna neno la uongo katika aya ile ya kwanza. Ninawajua vijana aliowataja. Lakini ukilifuta jina la kampuni ukaweka la benki, la kiwanda cha unga au la duka la magodoro, barua inabaki ile ile. Hiyo ndiyo dalili ya haraka ninayoijua. Barua inayoweza kwenda kwa kila kampuni bado haijaandikiwa hata moja.

Nilimuuliza Kocha kampuni hii inauza nini Kangemi, kwa nani, na ni kitu gani kinaizuia kuuza zaidi. Hakujua, na hakuna aliyekuwa amemwambia atafute. Kwa hiyo jioni hiyo tukazunguka madukani. Wenye maduka ya gesi hawana siri kubwa, ukinunua kitu na kuuliza kwa heshima. Tuliambiwa kwamba mtungi unaouzika zaidi ni wa kilo 6, ule wanaouita meko, kwa sababu wapangaji wengi wanaishi chumba kimoja na hawana nafasi ya jiko kubwa. Tuliambiwa pia kwamba kinachowazuia wengi si bei ya kujaza gesi, ni pesa ya kununua mtungi wenyewe mara ya kwanza. Na wapo wanaoogopa: wamesikia habari za mitungi kulipuka, wanaona afadhali makaa.

Nikaongeza nililolijua kutokana na kazi. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zilifuta mpango wa zamani uliozilazimu kampuni kubadilishana mitungi, na zinakataza kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila ruhusa yake. Maana yake ni kwamba kampuni ikishaingiza mtungi wake katika nyumba moja, gesi ikiisha mtungi huo unatakiwa urudi kwa wakala wake. Kwa kampuni ya aina hii, faida ya Kangemi haimo katika bango. Imo katika mtungi wa kwanza.

Kufikia hapo barua mpya ilikuwa karibu kujiandika yenyewe. Kichwa cha zamani kilikuwa "Ombi la Ufadhili wa Mashindano". Cha sasa kilikuwa "Kuingiza mitungi ya kilo 6 katika nyumba za Kangemi, Agosti". Na aya ya kwanza ikawa hii:

"Kwa Jumamosi na Jumapili za Agosti, watu wapatao 1,200 husimama kando ya uwanja wa Kihumbuini kila alasiri. Wengi ni wapangaji wa nyumba za chumba kimoja ambao bado wanapikia makaa au mafuta ya taa. Maduka matano yanayouza gesi yenu yako umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka uwanjani. Tunapendekeza njia ya kuwatoa watu hao uwanjani hadi kwenye maduka hayo, na ya kuwahesabu wanaonunua."

Kocha aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Dada, sasa vijana wako wapi hapa?" Nikamwambia wako ukurasa wa pili, na watakuwa salama zaidi huko.

Ile idadi ya 1,200 ilitugombanisha kidogo. Yeye alitaka 10,000 zibaki, kwa kuwa barua zote huandika hivyo. Lakini kampuni ikituma mtu wake siku ya kwanza na akakuta uwanja haubebi hata robo ya hao, kila kitu kingine ulichoandika kinaanguka pamoja na idadi hiyo. Watu wa uwanjani wanaweza kuhesabika. Upande mrefu wa uwanja ni kama mita 100, na pande ndefu ziko mbili. Siku ya mechi watu husimama wawili kwa kila mita, safu tatu kwenda nyuma. Hizo ni mita 200, mara mbili, mara tatu: 1,200. Nyuma ya magoli husimama wachache, hao tukawaacha nje. Tukaandika hesabu hiyo katika barua jinsi tulivyoifanya, na tukaambatanisha picha za mwaka uliotangulia zilizopigwa kutoka kwenye kona, ili anayetaka kuhakiki ahakiki.

Sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa njia yenyewe ya kuwahesabu wanunuzi. Tulipendekeza kuponi. Kila timu ipewe bunda lake lenye herufi yake, wachezaji wa timu za watu wazima wazigawe kwa majirani na mashabiki, na mwenye kuponi apunguziwe bei ya mtungi wa kwanza katika mojawapo ya yale maduka matano. Duka linabaki na kuponi. Mwisho wa mashindano kuponi zinakusanywa, na kampuni inajua mitungi mingapi imeuzwa, katika duka gani, kupitia timu gani. Timu iliyoleta wanunuzi wengi inapata jezi mpya. Wakati wa mapumziko fundi wa kampuni anapewa dakika kumi kuonyesha watu namna ya kukagua mtungi: anapaka povu la sabuni kwenye vali na kwenye mpira, na watu wanatazama kama linatoa mapovu. Nimewahi kumwona fundi akifanya hivyo sokoni. Wanawake waliokuwa wamesimama mbali walisogea hadi wakainama juu ya mtungi, mmoja akaomba brashi ajaribu mwenyewe. Woga wa namna ile hauondolewi na bango.

Kocha alinyamaza, kisha akasema lililokuwa likimsumbua. "Dada, hii si ni kama tumegeuka wachuuzi wa gesi?"

Ni swali la haki, na nililichukua kwa uzito. Nilimjibu kwamba pesa za matangazo ya kampuni hazikutengwa kwa ajili ya huruma. Zimetengwa ili ziuze, na mtu anayezisimamia ataulizwa kama ziliuza. Kuzichukua bila kusaidia zifanye kazi yake ni kumwacha mtu huyo aadhirike kwa ajili yako, na mwaka ujao hatapokea simu yako. Tunachouza si heshima ya vijana. Ni alasiri ambazo tayari watu wanakusanyika, karibu na maduka ambayo tayari yapo. Na kama kuna bidhaa tusiyotaka watoto wetu waione kando ya uwanja, tunayo haki ya kutoiandikia kampuni yake barua. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kabisa udhamini wa kampuni za sigara. Kwa bia, hata ukiacha sheria ya vileo ya 2010, mimi nisingeiomba kampuni yake udhamini wa mashindano yenye timu za watoto.

Baada ya faida ndipo tulipoandika bei, na hapa napo mpangilio ulibadilika. Jedwali la Kocha lilikuwa linaeleza gharama zetu. Kampuni haina haja ya kujua mpira mmoja ni bei gani. Inataka kujua kumpata mteja mmoja kwa njia hii kutaigharimu kiasi gani. Tukaomba shilingi 300,000 kwa fedha taslimu, pamoja na hema na vipaza sauti ambavyo kampuni ilikuwa navyo tayari kwa maonyesho yake. Kisha tukaandika wazi: mitungi 200 ikiuzwa, kila mteja mpya atakuwa amewagharimu shilingi 1,500, ikiuzwa 100, atakuwa amewagharimu 3,000. Mjumbe mmoja wa kamati aliona ni ujinga kuandika hiyo hesabu ya pili. Mimi naiona ndiyo iliyotupatia kikao. Meneja wa mauzo anajua faida yake kwa kila mtungi unaorudi kujazwa, na sisi hatuijui. Ukimpa pande zote mbili, atamalizia hesabu mwenyewe, na hesabu aliyoimalizia mwenyewe ataitetea.

Jedwali la mipira, marefa na huduma ya kwanza halikutupwa. Lilihamia ukurasa wa pili likiwa na kazi nyingine: kuthibitisha kwamba shilingi 300,000 zinatosha kuendesha mashindano hadi fainali, pamoja na tulichokusanya wenyewe kwa ada za timu. Mdhamini huogopa sana mashindano yanayovunjika katikati, nembo yake ikiwa bado inaning'inia uwanjani. Aya ya vijana na dawa za kulevya ilikuwa hapo pia, fupi, kwa sababu ilieleza ni kwa nini watu wa mtaa wanayathamini mashindano na hawayakosi.

Kulikuwa na faida moja ambayo mjumbe mwingine alitaka tuiahidi, na tukakataa. Alisema tuandikishe nambari za simu za mashabiki wote na kuikabidhi kampuni orodha. Kwa meneja wa mauzo hilo lingekuwa tamu sana. Lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nambari ya mtu haikabidhiwi kampuni kwa matangazo bila yeye mwenyewe kukubali, na habari za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Hata picha. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, jirani zetu kabisa, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo ni zaidi ya mara kumi ya bajeti yetu nzima. Katika barua tukasema picha za timu za watoto zitatumika tu pale fomu ya mzazi ipo, na kwamba kampuni itapata hesabu ya kuponi, haitapata nambari za simu. Wakili wa kampuni, nilikuja kuambiwa, aliipenda aya hiyo kuliko nyingine zote.

Kuna wakati mpangilio huu wote haufai, na ni vizuri kuujua kabla hujageuza barua yako. Kampuni kubwa nyingi zina mifuko miwili. Mmoja ni wa matangazo na mauzo. Mwingine ni wakfu, kama ule wa Safaricom ulioanzishwa 2003, unaotoa misaada ya afya, elimu na kadhalika. Ukiandikia wakfu, hitaji ndilo linalotangulia: ni nani anaumia, wangapi, na pesa zitabadili nini. Mtu wa wakfu akisoma habari za kuponi na mauzo atakurudisha mlangoni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa mapokezi si "nimpe nani barua", ni "udhamini unashughulikiwa na idara gani". Barua ya Kocha ya awali, kwa kweli, ilikuwa barua nzuri ya wakfu iliyokuwa ikielekea idara ya mauzo.

Na mfuko wa matangazo hufuata vitabu vya kampuni hata pale mapenzi yapo. Mwanzoni mwa 2018, baada ya kodi ya kampuni za kamari kupandishwa hadi asilimia 35, SportPesa ilisitisha udhamini wake wa michezo nchini, Gor Mahia na AFC Leopards zikiwemo. Agosti 2019, katika mzozo wa leseni na kodi, ikaukatisha tena. Wachezaji walikuwa na mahitaji yale yale siku ya kabla na siku ya baada. Hesabu ya upande wa pili ndiyo iliyobadilika.

Tulipeleka barua mwezi Machi, na hilo nalo halikuwa bahati. Mwaka wa fedha wa kampuni ile ulianza Julai, na idara zilikuwa zikipanga bajeti kati ya Machi na Mei. Barua ya Julai kwa mashindano ya Agosti ingekuta pesa zimeshagawanywa. Kampuni nyingine huanza mwaka Januari, na Safaricom huufunga Machi 31. Tarehe hizo huchapishwa katika ripoti za mwaka za kampuni zilizo kwenye soko la hisa; kwa zisizo sokoni, uliza tu, hakuna anayeificha.

Tuliitwa ofisini Westlands. Meneja alikuwa amepigia mstari maduka matano na ile hesabu ya 3,000. Aliuliza kuhusu mvua, kuhusu kampuni nyingine ya gesi kuweka meza pale uwanjani (tukaahidi kwa maandishi kwamba haitaruhusiwa), na kuhusu nani angebaki na kuponi usiku. Hakuuliza kuhusu jezi. Waliidhinisha shilingi 220,000, hema, vipaza sauti na fundi. Upungufu tuliuziba kwa kuacha medali na kupunguza marefa wa mechi za mwanzo.

Kisha ikaja sehemu inayowakwamisha wengi hata baada ya kukubaliwa. Kampuni haitumi pesa kwenye simu ya mwenyekiti. Ilitaka cheti cha usajili wa kikundi, nambari ya KRA ya kikundi, barua ya benki inayothibitisha akaunti, na ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayapunguzwi katika hesabu ya kodi ya kampuni. Nusu ya pesa ililipwa kabla ya mashindano na nusu baada ya ripoti. Tulikuwa tumeandaa karatasi hizo kabla ya kupeleka barua, ndiyo maana nusu ya kwanza iliingia mashindano yakiwa bado hayajaanza.

Kuponi zilizorudi hazikufika lengo la mitungi 200, lakini zilipita 100 kwa mbali. Katika ripoti tuliandika hesabu kamili, tukataja duka moja ambalo liliishiwa mitungi wikendi ya pili likapoteza wanunuzi, na tukapendekeza mawakala wawekewe akiba mapema. Ripoti ilikuwa karatasi moja, na tuliipeleka wiki ile ile fainali ilipochezwa, kabla meneja hajaulizwa na mkubwa wake.

Kama una barua ya udhamini mezani sasa hivi, mpe mtu asiyeijua timu yako asome aya ya kwanza peke yake, kisha mwulize kampuni inapata nini. Akikujibu kwa kutaja mahitaji yako, usiipeleke bado. Nenda kwanza madukani ukaulize bidhaa yao inauzwaje mtaani kwako.